Ile *ai* Ilikwenda Wapi

Kitenzi *maintain* kina herufi *a* na *i* katika silabi ya mwisho. Nomino yake, *maintenance*, haina. Pale palipokuwa na herufi mbili sasa imekaa *e* moja, na hakuna mwalimu niliyewahi kukaa mbele yake aliyesema kwa nini. Tuliambiwa tu kwamba ndivyo linavyoandikwa. Kwa miaka mingi hilo lilinitosha, maana kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri vitabu vya maelekezo ya mashine, na mhariri anayeuliza sababu ya kila herufi ya Kiingereza hamalizi ukurasa.

Aliyeuliza ni mdogo wangu. Yeye ni fundi umeme wa kiwandani, na kila zamu inapoisha huandika kwenye daftari la mashine ni kitu gani kimefanyiwa nini. Daftari hilo linaandikwa kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu alikuwa akiandika *maintainance*, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu mashine zilikuwa zinazunguka. Siku moja mkuu mpya wa kitengo akalifungua daftari mbele ya mafundi wenzake, akalisoma neno hilo kwa sauti herufi kwa herufi, kisha akauliza inakuwaje mtu asiyejua kuandika jina la kazi yake apewe kazi hiyo. Watu walicheka. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa anafanya kazi na mwenzake anaandika ripoti, na jina linalokaa chini ya ripoti ni la anayeandika. Mwaka ulipoisha na majina ya kupandishwa yakatafutwa, yalitafutwa kwenye daftari.

Hakuniletea malalamiko. Aliniletea swali. “Dada,” aliniambia, “mimi mashine ikilia siipigi kofi ikanyamaza. Natafuta kilichoifanya ilie. Sasa niambie, hiyo *ai* nani aliiondoa, na kwa nini? *Contain* inazaa *container*, *ai* ipo. *Entertain* inazaa *entertainment*, *ai* ipo. *Maintain* yenyewe inazaa *maintainer*, *ai* ipo. Kanuni niliyoifuata ni hiyohiyo. Kama ni mbovu, nionyeshe palipo na ubovu.”

Alikuwa na haki. Mtu anayeandika *maintainance* hajaandika ovyo. Amechukua kitenzi, ameongeza kiambishi, na hajagusa kitu kingine. Ndivyo lugha nyingi zinavyofanya kazi, na ndivyo Kiingereza chenyewe kinavyofanya kazi mara nyingi. Kwa hiyo jibu la “ndivyo linavyoandikwa” halikuwa jibu. Ilibidi nitafute.

Nianze na sikio, maana hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Tamka *maintain*. Mkazo uko kwenye silabi ya mwisho: mein-TEIN. Irabu ya silabi hiyo ni ndefu, imejaa, haina shaka. Sasa tamka *maintenance*. Mkazo umehamia mwanzoni: MEIN-t’-n’ns. Silabi iliyokuwa na nguvu imebaki bila mkazo, na katika Kiingereza silabi isiyo na mkazo hupoteza irabu yake. Haipotei kabisa, bali hufifia na kuwa mlio mfupi usio na sura, ule ambao wanaisimu wanauita shwa. Shwa inaweza kuandikwa kwa herufi yoyote kati ya tano. Ipo mwanzoni mwa *about* ikiwa *a*, katikati ya *family* ikiwa *i*, mwishoni mwa *lesson* ikiwa *o*. Kwa hiyo ukisikiliza *maintenance* kwa makini kiasi gani, sikio halitakwambia iandikwe *e*. Mzungumzaji aliyezaliwa Londoni hana faida hapo, na ndiyo maana *maintainance* unaikuta pia katika maandishi ya watu ambao Kiingereza ni lugha ya mama yao.

Basi kama herufi haikutoka kwenye sauti ya leo, imetoka kwenye sauti ya zamani. Neno lenyewe lilianzia Kilatini, katika maneno mawili: *manu*, kwa mkono, na *tenere*, kushika. Kushika kwa mkono. Anayetunza mashine ameishika. Anayetoa matunzo ya mtoto amemshika mtoto mkono. Hata neno la Kifaransa la kusema “sasa”, *maintenant*, limetoka hapohapo: kile ambacho bado kiko mkononi.

Sasa tazama mkazo wa Kilatini, maana hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Ukisema “anashika”, *tenet*, mkazo unakaa kwenye *te*: TE-net. Ukisema “kushika”, *tenere*, mkazo unasogea mbele silabi moja: te-NE-re. Mzizi ni uleule, lakini mara una mkazo na mara hauna. Kwa Mrumi wa kale hilo halikubadili herufi. Lakini Kilatini kilichozungumzwa mitaani huko Galia, nchi ambayo sasa ni Ufaransa, kiliendelea kubadilika kizazi baada ya kizazi, na katika mabadiliko hayo irabu yenye mkazo ilikuwa na maisha yake na irabu isiyo na mkazo ilikuwa na yake. Ile *e* fupi yenye mkazo ilirefuka, ikavunjika, ikawa sauti mbili, *ie*. Ile isiyo na mkazo ilibaki *e* ya kawaida. Mzizi mmoja ukawa na sura mbili.

Sura hizo mbili bado ziko hai. Mfaransa wa leo anasema *il tient*, yeye anashika, lakini *nous tenons*, sisi tunashika. Anasema *il maintient* lakini *nous maintenons*. Kitenzi kimoja, watu wawili, irabu mbili. Mtoto wa Kifaransa anajifunza hilo shuleni kama orodha ya kukariri, kwa sababu naye haambiwi kwamba anachokariri ni alama ya mkazo wa Kilatini.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baadaye Kifaransa chao kilikuwa lugha ya mahakama, ya mabwana na ya karatasi. Waingereza walipookota maneno kutoka humo, hawakuyaokota kama wanasarufi. Waliyaokota kama walivyoyasikia. Kitenzi walikichukua katika sura yake yenye mkazo, ambayo katika Kifaransa cha Wanormani wa Uingereza ilisikika kama *-tein*. Waliandika *maynteyne* na namna nyingine nyingi. Wakati huo sauti zilizoandikwa *ei* na *ai* zilikuwa zimeshaungana kuwa moja katika Kiingereza, hivyo mwandishi aliweza kuchagua, na mwishowe *ai* ndiyo iliyoshinda. Ndivyo tulivyopata *maintain*. Ndugu zake walipita njia hiyohiyo: *contain, retain, detain, sustain, obtain, abstain, pertain*. Wote ni kushika, na wote wamevaa *ai* ya mkazo.

Lakini nomino haikutengenezwa na Waingereza kwa kuchukua *maintain* na kuibandika *-ance*. Hapa ndipo kanuni ya mdogo wangu ilipokutana na kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Nomino ilikuja kutoka Ufaransa ikiwa imeshakamilika. Wafaransa walikuwa na *maintenance* yao, na mkazo wake ulikuwa mwishoni: main-te-NANCE. Ile *te* ya katikati haikuwa na mkazo, kwa hiyo haikuvunjika kuwa *ie*, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kufika Uingereza ikiwa *ei* wala *ai*. Ilifika ikiwa *e*. Baadaye Waingereza waliuvuta mkazo hadi mwanzo wa neno, kama walivyozoea kufanya, lakini *te* iliachwa kando tena. Ilirukwa Ufaransa mkazo ulipokuwa nyuma yake, ikarukwa Uingereza mkazo ulipokuwa mbele yake.

Nilipofika hapa nilimpigia simu mdogo wangu na kumwambia: hakuna aliyeiondoa. Haikuwahi kuwepo.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mtu wa vipimo lazima aulize: “Utajuaje kama hiyo siyo hadithi tu? Iko nyingine iliyoharibika hivyohivyo?”

Ipo. *Sustain* inazaa *sustenance*, riziki inayomshikilia mtu asianguke. Herufi zilezile, *ai* katika kitenzi na *e* katika nomino, na nomino hiyo nayo ililetwa nzima kutoka Kifaransa. Kisha kuna ushahidi mzuri zaidi, kwa sababu unasikika. *Retain* inazaa *retention*. *Detain* inazaa *detention*. Katika nomino hizi *e* ina mkazo, na sikio lolote litaisikia: ri-TEN-shan, di-TEN-shan. Hizo zimetoka kwenye Kilatini cha vitabuni, ambamo mzizi wa kushika ulibaki na *e* yake mbele ya konsonanti mbili. Kwa hiyo anayesahau iandikwe nini katika *maintenance* anaweza kuiuliza *detention*. Ni mzizi mmoja, na ndugu mmoja anaitamka wazi herufi ambayo mwenzake anaimeza.

Kuna kundi la tatu, na nililipenda kuliko yote. *Abstain* inazaa *abstinence*. *Pertain* inazaa *pertinent*. Na *continent*, bara, ni ndugu wa *contain*: ardhi iliyoshikamana. Hapa hakuna *ai* wala *e*, kuna *i*. Sababu yake ni ya zamani zaidi ya zile nyingine. Katika Kilatini cha mwanzo kabisa, kiambishi kilipowekwa mbele ya kitenzi, irabu fupi ya mzizi ilidhoofika. *Tenere* peke yake ilikuwa na *e*, lakini ikiunganishwa na *con-* ikawa *continere*, na *abs-* ikawa *abstinere*. *Manu tenere* iliponea, kwa sababu yalikuwa maneno mawili yaliyokuja kushikana baadaye sana, wakati mabadiliko hayo yalikuwa yameshapita.

Sasa weka hizo tatu pamoja. *I* katika *abstinence* inatoka kwa Warumi wa kale, ikapitia vitabu vya Kilatini vya kanisani na shuleni. *E* katika *maintenance* na *sustenance* inatoka vinywani mwa Wafaransa, waliolisikia neno *tenir* ndani yake na kuliacha lisikike. *Ai* katika *maintain* inatoka katika sikio la Mwingereza aliyekuwa anasikiliza mabwana wake wa Kinormani. Ni mzizi mmoja wenye maana moja, na herufi imebaki kuonyesha kila neno lilipita mlango gani na katika zama gani.

Swali la pili la mdogo wangu lilikuwa la kazi zaidi. Alitaka kujua kama anaweza kutabiri. Fundi anayejua kwa nini mota moja imeungua anataka kujua ni ipi itakayofuata. Nikajaribu.

Kiingereza kina viambishi vya namna mbili. Vipo vinavyobandikwa juu ya neno bila kulitikisa: *-er, -ing, -ed, -ness*. Mkazo unabaki ulipo, irabu inabaki ilivyo, herufi zinabaki zilivyo. *Maintainer, maintaining, maintained.* Hivyo ni viambishi vya nyumbani, au vilivyokaa nyumbani hadi vikawa vya nyumbani. Kuna vingine vilivyokuja pamoja na maneno ya Kifaransa na Kilatini: *-ation, -ity, -ion, -ent*, na mara nyingi *-ance*. Hivi vina tabia ya kuvuta mkazo au kufupisha irabu iliyo kabla yao. Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle walitoa kitabu kizima juu ya mpangilio wa sauti za Kiingereza, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kuonyesha kwamba kubadilika huku kunafuata utaratibu, si vurugu.

Utaratibu mmojawapo unahusu maneno kama *divine* na *divinity*, *sane* na *sanity*. Kiambishi kinapoongeza silabi mbili nyuma ya irabu ndefu, irabu hiyo hufupika. Hilo lilikuwa hivyo tangu enzi ambazo ndefu na fupi zilitofautiana kwa urefu tu. Kisha, kuanzia kama 1400 hadi 1700, irabu zote ndefu za Kiingereza zilihama. Mwanaisimu wa Denmaki, Otto Jespersen, ndiye aliyeupa uhamaji huo jina ambalo bado linatumika, Uhamo Mkuu wa Irabu. Ile *i* ndefu ya *divine*, iliyokuwa ikisikika kama *i* yetu iliyovutwa, ikawa “ai”. Ile *a* ndefu ya *sane* ikawa “ei”. Irabu fupi hazikuhama. *Divinity* na *sanity* zilikuwa zimeshafupishwa, kwa hiyo zikabaki pwani wakati wenzao wanapanda chombo. Ndiyo maana leo maneno hayo mawili yanasikika mbali hivyo, ingawa yameandikwa kwa herufi ileile.

Lakini mbona *divine* haibadili herufi na *maintain* inabadili? Nilipoorodhesha maneno niliyoyakumbuka kwenye karatasi, jambo moja lilijitokeza. Zinazobadilika katika maandishi karibu zote zina irabu iliyoandikwa kwa herufi mbili. *Vain* inakuwa *vanity*. *Prevail* inakuwa *prevalent*. *Exclaim* inakuwa *exclamation*. *Reveal* inakuwa *revelation*, *repeat* inakuwa *repetition*. *Pronounce* inakuwa *pronunciation*, na hii nayo ni mtego maarufu, maana wengi huandika na hata kutamka *pronounciation*. Katika maandishi ya Kiingereza, herufi moja kama *i* au *a* inaweza kusimama kwa sauti ndefu na kwa sauti fupi. Herufi mbili kama *ai*, *ea* au *ou* kwa kawaida zinasimama kwa sauti ndefu. Sauti inapofupika au kufifia, jozi hiyo haina kazi tena.

Lazima niongeze kwamba si kila neno katika orodha hiyo lilipita njia ya *maintain*. *Explain* na *explanation*, kwa mfano, zinafanana nalo kwa sura tu. Kilatini chake ni *explanare*, kusawazisha, na zamani kitenzi kiliandikwa *explane*. *Ai* iliingia baadaye kwa sababu watu waliliona neno *plain* ndani yake wakaliandika hivyo. Hapo ni kitenzi kilichobadilika, na nomino ndiyo iliyobaki na herufi ya asili. Ugonjwa mmoja wa nje, sababu mbili tofauti za ndani. Mafundi wanajua hali hiyo.

Kwa upande wa *-ance*, kipimo kinachosaidia ni mkazo. Tamka kitenzi, kisha tamka nomino, usikilize kama mkazo umeiacha silabi hiyo. *Appear* na *appearance*: mkazo umebaki pale pale, pia-pia, na *ea* imebaki. *Avoid* na *avoidance*: umebaki, *oi* imebaki. *Acquaint* na *acquaintance*: umebaki, *ai* imebaki. *Maintain* na *maintenance*: umeondoka, na *ai* haipo. *Sustain* na *sustenance*: umeondoka, haipo. Hata neno refu ambalo mdogo wangu hukutana nalo katika karatasi za watengenezaji wa mashine, *maintainability*, linakubaliana na kipimo hicho. Mkazo mkuu umekwenda kwenye *bil*, lakini *tain* bado inasikika kwa nusu nguvu, irabu yake bado ni nzima, na *ai* yake imebaki.

Kipimo hiki kina kikomo. *Abound* inakuwa *abundance*, na mkazo haujasogea. Irabu imefupika tu, *ou* ikawa *u*. *Vain* na *vanity* vilevile. Kwa hiyo mkazo ukiondoka, tegemea herufi kupungua. Ukibaki, mara nyingi zitabaki, lakini fungua kamusi. Nilimwambia hivyo, naye hakukasirika. Alisema hata kipimo cha umeme kina kiasi chake cha kukosea, kimeandikwa nyuma, na mtu anakitumia akikijua.

Nilichokuwa sikutegemea ni kwamba kazi hii ingenirudisha kwenye Kiswahili. Tunapenda kusema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na ni kweli, na sababu moja ni kwamba irabu zetu hazifi zikinyimwa mkazo. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na unasogea kila neno linaporefuka: LIN-da, lin-DI-a, lin-di-A-na. Ile *i* ya kwanza imepoteza mkazo mara mbili na bado ni *i* kamili. Mtoto wa darasa la pili hawezi kujiuliza iandikwe nini. Kwetu, ikiwa kuna irabu ya kubadilika, ni ya kiambishi, nayo inautii mzizi: *pika* inazaa *pikia* lakini *soma* inazaa *somea*; *funga* inazaa *fungia* lakini *cheza* inazaa *chezea*. Mzizi wenye *e* au *o* unataka *-ea*, mingine inataka *-ia*. Katika Kiingereza kiambishi ndicho kinachotikisa mzizi. Kwetu mzizi ndio unaotoa amri.

Hivyo nilidhani, hadi nilipojaribu kumweleza mdogo wangu tofauti ya *maintainer* na *maintenance* kwa mfano wa nyumbani. Anayepika ni nani? Mpishi. Kwa nini si mpiki? Anayelinda ni mlinzi, si mlindi. Anayeandika ni mwandishi, anayefuata ni mfuasi, anayependwa na kupenda ni mpenzi, anayeiba ni mwizi. Kiambishi *-i* kimeingia mwishoni na kuisaga konsonanti ya mzizi: *k* ikawa *sh*, *nd* ikawa *nz*, *t* ikawa *s*, *b* ikawa *z*. Halafu kuna kiambishi kingine, *-aji*, kinachofanya kazi inayokaribiana na hiyo bila kuvunja kitu: mpikaji, mwandikaji, msomaji, mchezaji. Ni viambishi vya aina mbili, kama kwao. Kimoja kinatikisa, kimoja kinabandikwa tu. Na kama kwao, neno lenye mtikisiko mara nyingi limekuwa na maana yake maalumu: mwandishi ni cheo, mwandikaji ni yeyote aliyeshika kalamu.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba *pika* inapozaa *pikia*, ile *i* haiisagi *k*. Mbona *i* ya mpishi inaisaga? Kwa sababu zamani hazikuwa *i* moja. Wanaisimu wanaochunguza lugha za Kibantu wamerudi nyuma kwa kulinganisha na kukuta kwamba lugha mama ilikuwa na irabu saba, si tano. Mbili kati ya hizo zilikuwa namna mbili za *i*: moja ya kawaida, na nyingine iliyobanwa juu kabisa mdomoni, karibu na kaakaa, kiasi kwamba pumzi ilikuwa ikikwaruza. Mkwaruzo huo ndio ulioigeuza konsonanti iliyokuwa jirani. Baadaye Kiswahili kiliziunganisha irabu hizo mbili kuwa moja. Leo hatuzitofautishi kwa sikio wala kwa herufi. Lakini kila anayesema mpishi badala ya mpiki anaitunza tofauti ambayo hajawahi kuisikia, sawasawa na Mwingereza anayeandika *e* katika *maintenance*.

Mdogo wangu aliniuliza basi kwa nini hakuna mtu aliyewahi kusimamishwa mbele ya watu kwa kutojua kwa nini tunasema mpishi. Nilimwambia ni kwa sababu tulilipata tukiwa watoto, kutoka kwa watu waliolisema bila kutuuliza kanuni, na lugha tuliyoipata hivyo hakuna anayetudai sababu zake. Sababu tunadaiwa kwenye lugha tuliyoipata kwa mtihani. Yule mkuu wa kitengo aliijua herufi sahihi, lakini sidhani kama angeweza kusema ilitoka wapi, na daftari halikumtaka aseme.

Ripoti za zamu sasa anaziandika mwenyewe. Aliniomba maneno machache ya kubandika ndani ya jalada, nikamwandikia manne kwa mstari mmoja, lile linalosikika likiwa la kwanza: *detention, retention, sustenance, maintenance*. Chini yake aliongeza la tano kwa mwandiko wake, kwa Kiswahili, bila kunieleza kwa nini: mpishi.